Shajara ya mradi: lori lisilo na moshi na chujio lililojaa masizi

Jumamosi, 8 Februari 2025. Gari limefika

Nimenunua lori dogo la Kijapani la tani 2, injini ya dizeli ya lita 3, la mwaka 2009, lililokuwa likibeba soda huko Mbagala. Kilomita 187,000. Bei ilikuwa nafuu mno, na sababu ilikuwa kwenye dashibodi: taa ya njano yenye herufi DPF, yaani chujio la masizi, inawaka na kuzima, na ukikanyaga mafuta gari linavuta kwa shida kama mtu aliyebanwa mafua. Mwuzaji hakuificha hiyo taa. Alichojivunia ni kitu kingine: "Kaka, gari halina moshi hata chembe, njoo uone mwenyewe." Nikaenda nikaona. Nikapitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosti, kikatoka na vumbi la kijivu tu. Maneno yake yalikuwa kweli tupu, na ndiyo yaliyonipotezea wiki tatu.

Fundi wangu wa Gerezani alitoa hukumu kabla hata hajainua kichwa cha gari. "Bosi, hapa tunapasua kopo la chujio, tunatoa udongo wa ndani, tunachomelea, kijana wa umeme anaidanganya kompyuta. Laki mbili na nusu, na udongo naondoka nao mimi." Hilo la mwisho lisikupite. Ndani ya kopo kuna vipande viwili vya kauri, na cha mbele kimepakwa platinamu. Anayekwambia atakutolea uchafu, muulize uchafu huo anampelekea nani.

Lori langu la kwanza nililifanyia hivyo hivyo. Kila nikiliwasha uwani asubuhi, shuka za jirani zilizoanikwa zilipata madoadoa meusi. Safari hii nataka chujio libaki na lifanye kazi, na nitaandika hapa kila hatua na kila shilingi.

Kwa nini lori dogo la namna hii limefungwa chujio: mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alitikisa chupa ya masizi mbele ya waandishi wa habari, akapigania malori ya dizeli yabanwe. Kuanzia Oktoba 2003 gari la biashara la dizeli lisilofikia kiwango lilizuiwa kuingia Tokyo na mikoa jirani. Malori yale yakizeeka huja kwetu, na chujio lake likiwa bado tumboni.

Jumanne, 11 Februari. Kitufe

Kwenye dashibodi kuna kitufe cha kusafisha chujio gari likiwa limesimama. Nikaegesha uwani, nikakibonyeza. Injini ikapandisha mzunguko yenyewe, mlio ukawa mzito, ukaja moshi mwembamba mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi, kisha joto. Hapo kompyuta inapuliza dizeli kidogo kwenye silinda kwa kuchelewa, pistoni ikiwa inashuka, ili mafuta yasiungue humo bali yakaungulie kwenye kile kipande cha platinamu. Moto wa pale ndio unaolipandisha chujio hadi nyuzi 600 hivi, ambako masizi huwaka kwa oksijeni yenyewe.

Dakika 20 zikapita, ikajizima kabla haijamaliza. Taa ikarudi. Ndoo ya plastiki ya jirani, mama mwenye genge, iliyokuwa hatua moja nyuma ya ekzosti, ilikuwa imelala ubavu kama embe lililooza. Ndoo: shilingi 6,000. Usibonyeze kitufe hicho karibu na majani makavu, nguo, wala chombo cha mtu.

Jumapili, 16 Februari. Kuosha kwa maji

Tulifungua chujio, tukalipeleka sehemu ya kuoshea magari, likapigwa maji ya presha na sabuni. Yalitoka maji meusi kama wino wa pweza, kila mtu akafurahi. 25,000. Tukalifunga, taa ikafutwa kwa mashine ya kupimia, 30,000, gari likakimbia kama jipya.

Alhamisi, 27 Februari. Limerudi palepale

Siku 11 tu. Mashine imesoma kosa moja:

```
P2463
```

Maana yake chujio limejaa masizi. Mashine nyingine 30,000. Kijana wa umeme akanionyesha jambo nililopaswa kuliuliza mapema: kompyuta ilikuwa inaanzisha usafishaji wake wa barabarani kila baada ya kilomita 60 hivi. Gari zima kwa kawaida hukaa kilomita mia kadhaa. Kwa hiyo chujio lilikuwa likilishwa masizi mengi kupita kiasi, na sisi tulikuwa tunahangaika na pipa la taka bila kumwuliza anayetupa.

Hapo ndipo lile la "halina moshi hata chembe" liliponirudia. Chujio zima huzuia sehemu kubwa mno ya masizi, zaidi ya asilimia 95. Injini inaweza kuwa inatapika masizi kama tanuru la matofali na nyuma usione kitu. Moshi ulikuwepo, ila ulikuwa unaishia tumboni. Kwenye gari lenye chujio, mdomo wa ekzosti ukiwa msafi maana yake ni moja tu: chujio halijapasuka. Hali ya injini huwezi kuisoma pale.

Jumapili, 2 Machi. Moshi umeonekana

Tulilegeza bomba mbele ya chujio, moshi ukatoka kabla haujafika ndani. Fundi akapiga resi mara kumi, mimi nimeshika leso nyeupe nusu mita kutoka kwenye bomba. Leso ikawa nyeusi kama ya kufutia sufuria. Nimeitundika kwenye ukuta wa gereji na tarehe yake.

Hapa nieleze masizi yanakotoka, kwa sababu bila hilo hatua zinazofuata hazieleweki. Injini ya dizeli huvuta hewa tupu, huishindilia mpaka ikawa moto wa kuwasha mafuta bila cheche, ndipo nozeli inapuliza dizeli. Mafuta na hewa havikuchanganywa mapema. Yanachanganyika huku yanaungua. Kila kilo ya dizeli inahitaji kama kilo 14.5 za hewa, na injini huwa na zaidi ya hapo, mara nyingi mara mbili yake. Lakini hesabu ya silinda nzima haimsaidii aliye katikati ya mchirizi wa mafuta, ambako dizeli ni nyingi, joto ni kali na oksijeni haijafika. Pale mafuta yanavunjika, hidrojeni inajitenga, kaboni inabaki na kushikana vipunje vipunje.

Aliyekulia kwa koroboi anaujua moto huo. Utambi ukiwa mrefu mwali unakuwa wa njano na dari linakuwa jeusi, na chumbani hewa imejaa tele. Weka kioo cha chemli hewa ivutwe kwenda kwenye mwali, masizi yanapungua, mafuta yakiwa ni yaleyale.

Sehemu kubwa ya masizi yanayozaliwa kwenye silinda huungua humohumo sekunde hiyohiyo, yakikutana na hewa iliyobaki. Moshi mweusi ni masalia yaliyokosa hewa au muda. Kwa hiyo swali letu likawa: hewa inapotelea wapi?

Tuliziba mdomo wa mpira unaoingiza hewa kwenye tabo, feni inayoisukumia injini hewa kwa nguvu, tukajaza hewa kwa kompresa kidogo sana, tukapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Mpira unaotoka tabo kwenda intakula, kipoza hewa, ulikuwa umepasuka upande wa chini, usikoonekana, mpasuko wa urefu wa kidole kidogo. Ulikuwa na ute wa oili umeshika vumbi, dalili tuliyokuwa tumeipita mara tatu. Gari likiwa limetulia mpasuko unajifunga, ukipiga resi unafunguka kama mdomo wa samaki.

Kinachouma ni kwamba kompyuta ilikuwa inazidisha tatizo. Sensa ya kupima hewa iko kabla ya tabo. Inahesabu hewa iliyoingia, haijui iliyotoroka njiani, kwa hiyo mafuta yanapimwa kwa hewa isiyofika. Na kuna la pili. Kompyuta ikiona hewa ni nyingi kuliko ilivyopanga, inadhani moshi unaorudishwa kwenye injini hautoshi, inaifungua zaidi valvu ya kurudisha moshi. Hivyo silinda inakosa hewa mara mbili.

Mpira mpya 48,000, klipu mbili 6,000. Leso ya pili: kijivu cha wingu la mvua. Nafuu, ila bado.

Jumamosi, 8 Machi. Kipande cha bati, na gesi isiyoonekana

Tulifungua valvu ya kurudisha moshi. Ndani masizi yalikuwa yamechanganyika na mvuke wa oili yakawa kama lami ya barabarani saa saba mchana, na valvu ilikuwa haifungi hadi mwisho. Fundi akakata kipande cha bati, akakibana kati ya gasketi mbili, njia ikazibika. Leso ya tatu ikatoka safi kuliko zote. "Umeona, mzee? Hiyo valvu ni ya kuharibu injini tu."

Leso ilimuunga mkono, na kwa siku moja hata mimi niliamini. Kisha nikasikia mlio: injini ilikuwa inagonga kwa ukali zaidi, kama nyundo kwenye reli. Huo ni moto unaowaka ghafla na kwa joto la juu zaidi. Nikakumbuka valvu iliwekwa kwa ajili gani.

Hewa tunayovuta karibu asilimia 78 ni nitrojeni, na nitrojeni ni gesi mpole kwa sababu atomu zake mbili zimeshikana kwa nguvu kubwa. Ili kuzitenganisha unahitaji joto la nyuzi 1,500 na zaidi. Kwenye silinda ya dizeli joto hilo lipo, lakini haliko pale masizi yanapozaliwa. Liko pembezoni mwa mwali, ambako mafuta na hewa vimekutana kwa kipimo sawasawa na oksijeni ya ziada iko jirani:

```
N2 + O → NO + N
N + O2 → NO + O
```

Mwali mmoja, sehemu mbili. Katikati, penye mafuta mengi na hewa haba, panazaa masizi. Ukingoni, penye hewa na joto kali, panazaa oksidi za nitrojeni. Ndiyo maana karibu kila unachofanya kupunguza moja kinaongeza nyingine. Ukirudisha moshi kidogo ndani ya silinda, oksijeni inapungua na mwali unapoa, oksidi za nitrojeni zinashuka sana, lakini masizi yanapanda. Ukiziba kwa bati, leso inakuwa nyeupe na gesi inapanda.

Na leso haiwezi kukwambia. NO haina rangi kabisa. Ikitoka nje inageuka taratibu kuwa NO2, ambayo ni ya kahawia na inachoma mapafu, na ikipigwa na jua inashiriki kutengeneza ozoni ya chini, ile inayowashia watu vifua. Mtu aliyezibiwa valvu anaondoka gereji akiwa na gari "safi" linalotoa sumu zaidi kuliko lilipoingia.

Sitaki kumdhulumu fundi, kwa hiyo niandike na upande wake. NO2 ina kazi moja nzuri ndani ya chujio: inaunguza masizi kuanzia nyuzi 250 hivi, wakati oksijeni peke yake inataka karibu 600. Kile kipande cha platinamu cha mbele kazi yake nyingine ni hiyo, kugeuza NO kuwa NO2 kabla haijafika kwenye masizi. Ukiwa na gesi nyingi zaidi, chujio linajisafisha kirahisi zaidi. Lakini tazama kinachotoka upande wa pili:

```
C + NO2 → CO + NO
```

Nitrojeni imetoka bado imeshikana na oksijeni. Chujio la masizi halipunguzi oksidi za nitrojeni. Kuziondoa kunahitaji kifaa kingine, mara nyingi kile kinachopuliza urea kwenye ekzosti, na lori langu halina. Kwenye gari hili valvu ndiyo kinga pekee.

Kompyuta nayo haikupendezwa. Siku ya tatu ikaandika P0401, kwamba moshi unaorudi hautoshi. Bati likatoka. Tulisafisha valvu na njia ya hewa kwa kemikali na brashi, saa tano za kazi chafu kuliko zote, hadi ikawa inafunga yenyewe kwa chemchemi yake. Kemikali na gasketi 35,000. Leso ya nne iko katikati ya ya pili na ya tatu, na hapo ndipo inapotakiwa kuwa.

Jumamosi, 15 Machi. Kipimo cha maji ya chai

Kabla ya kuligusa chujio tena nilitaka namba yangu mwenyewe. Kompyuta inajua chujio limeziba kwa sensa yenye mipira miwili, mmoja unatoka mbele ya chujio na mwingine nyuma, inalinganisha presha. Mtu anaweza kufanya hivyo kwa mpira wa plastiki unaoonekana ndani, wa mita 3, uliokunjwa kama herufi U na kufungwa kwenye ubao, na maji nusu. Nilitia majani ya chai ili maji yaonekane. 4,500 jumla.

Chomoa mipira ya sensa, unganisha ncha zako pale, washa injini, iache sailensa, yaani izunguke taratibu bila kukanyaga mafuta. Maji yanashuka upande mmoja na kupanda mwingine. Tofauti ya sentimita 10 ni kama kilopaskali 1. Langu lilionyesha sentimita 31. Nikasema ngoja tuone kwenye resi. Fundi akakanyaga, chai yote ikaruka ikamwagikia kijana wa umeme kifuani. Kwenye resi tofauti inapita urefu wa ubao mara nyingi. Pima sailensa tu.

Angalia pia mipira yenyewe ya sensa. Ikiwa na ufa, kompyuta itadanganyika upande wowote.

Jumamosi, 22 Machi. Tanuri

Sasa kuosha kwa maji kulikosea wapi? Chujio lenyewe ni bonge la kauri lenye vijishimo vya mraba kama sega la nyuki, kila kimoja karibu milimita moja na nusu. Kwa mbele nusu ya mashimo yamezibwa, moja ndiyo moja hapana, kama ubao wa drafti. Kwa nyuma yamezibwa yale mengine. Moshi ukiingia shimo lililo wazi unakuta mwisho umefungwa, hauna njia ila kupenya ukuta wa karibu theluthi moja ya milimita kwenda shimo jirani. Gesi inapita, masizi yanabaki.

Watu hudhani ni kama chekeche. Sivyo. Vitundu vya ukuta huo ni vikubwa mara mia hivi kuliko chembe ya masizi. Lakini chembe ndogo kiasi hicho haiendi moja kwa moja, inagongwagongwa na molekuli za gesi na kuyumba, kama mlevi kwenye uchochoro wa Kariakoo usiku. Uchochoro unamtosha, ila hawezi kuumaliza bila kugusa ukuta, na akigusa ananasa. Baada ya muda masizi yaliyonasa yanatandaza zulia juu ya ukuta, na zulia hilo ndilo linachuja vizuri kuliko kauri yenyewe.

Masizi yanaungua. Kuna kitu kingine humo kisichoungua: majivu ya oili, yaani kalsiamu, zinki na magnesiamu zinazowekwa kwenye oili. Yanarundikana mwisho wa mashimo yaliyozibwa, na hakuna kitufe kitakachoyatoa. Tulipopiga maji, masizi kiasi yalitoka, majivu yakageuka uji na kukauka palepale.

Mzee mmoja mfinyanzi ana tanuri la umeme. Nilimsalimu, nikamweleza, akaligeuza geuza chujio mikononi na kuuliza swali moja tu: "Limekauka?" Nikajibu ndiyo, lilioshwa mwezi uliopita na limeshatembea. Akacheka. Kwenye mzani wa dijitali wa dukani lilikuwa kilo 13.610 pamoja na kopo lake. Akaliweka nyuzi 150 kwa saa tatu, tukapima likiwa bado la moto: 13.485. Gramu 125 za unyevu zilikuwa zimejificha kwenye sufi inayozunguka kauri. Ningehesabu zote kuwa masizi.

Kisha nyuzi 100 kwa kila saa hadi 600, likakaa hapo saa tano, mlango haukufunguliwa hadi asubuhi. Upole huo una sababu. Gramu moja ya kaboni ikiungua inatoa kilojuli 33 hivi. Tulikuja kupata gramu 55 za masizi, joto la kuchemsha zaidi ya lita 5 za maji. Likitoka kwa dakika mbili tatu ndani ya kauri iliyokwisha kuwa nyuzi 600, kauri inapasuka au kuyeyuka katikati. Ajali hiyo hutokea barabarani pia: chujio limejaa, usafishaji umeanza, dereva anafika kwenye foleni na injini inashuka sailensa. Oksijeni inakuwa nyingi na upepo wa kuondoa joto unakuwa mdogo. Ukisikia mlio wa usafishaji, endelea kuendesha.

Baada ya tanuri: 13.430. Tukapuliza kwa kompresa kutoka nyuma kwenda mbele, shimo kwa shimo, barakoa usoni na kopo ndani ya mfuko. Yalitoka majivu ya kijivu cheupe yenye wekundu wa kutu, laini kama poda. Uzito wa mwisho 13.195. Gramu 235 za majivu dhidi ya 55 za masizi. Kila lita ya oili yenye majivu asilimia 1 ikiungua inaacha karibu gramu 9, kwa hiyo chujio hili lilikuwa na kumbukumbu ya lita 26 hivi za oili zilizopita injini kimyakimya.

Tanuri 90,000, kompresa 10,000. Kipimo cha chai, sailensa: sentimita 7.

Jumamosi, 29 Machi. Oili

Kijiti cha oili kilikuwa kinasoma juu ya alama ya mwisho, na hakuna aliyeongeza. Nilinusa: dizeli. Kila usafishaji uliokatika njiani uliacha dizeli ya kuchelewa ikiteleza kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Oili inayoongezeka yenyewe si baraka, inapoteza unene na kula beringi.

Oili iliyokuwemo ilikuwa ya kopo lililoandikwa API CI-4, oili nzuri kwa malori yasiyo na chujio, ila aina hiyo huwa na majivu mengi. Nimeweka yenye alama ya JASO DH-2, kiwango cha Kijapani kwa dizeli zenye chujio, majivu ya asilimia 1 hivi. Lita 7 na filta ya oili: 130,000. Ilibidi kuzunguka maduka manne. Wawili waliniambia "ni ileile tu".

Kuhusu dizeli yenyewe: mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki ziliweka ukomo wa sehemu 50 za salfa kwa milioni. Gari hili lilitengenezewa mafuta ya Japani ya sehemu 10. Salfa inakalia nafasi za platinamu na kupunguza NO inayogeuzwa, kwa hiyo sitegemei chujio lijisafishe hapa kama lilivyofanya huko. Linafanya kazi, ila linahitaji barabara.

Na barabara niliipima. Kwenye foleni ya Kilwa Road, Mtoni kwa Aziz Ali hadi Bendera Tatu, moshi unaoingia chujioni ulikuwa nyuzi 160 hadi 190. Hapo masizi yanakusanyika tu. Nikiwa na mzigo Morogoro Road, kuanzia Kibamba kwenda Kibaha, zilipanda 330 hadi 360 na zikakaa. Kwa hiyo mzigo wa Mlandizi ambao zamani nilikuwa naukwepa sasa naupokea kila wiki.

Jumamosi, 17 Mei. Kilomita 3,900 baadaye

Chai: sentimita 8. Usafishaji wa kompyuta unakuja kila kilomita 400 na kitu. Kijiti cha oili hakijapanda. Kidole kwenye ekzosti: vumbi la kijivu, kama siku ya kwanza.

Gharama zote, pamoja na ufundi 150,000 na ndoo: 564,500. Chujio la mtumba niliambiwa 1,900,000, nalo lingejaa ndani ya wiki mbili kwa mpira uleule uliopasuka.

Bado nozeli ya tatu: kompyuta inaifanyia marekebisho makubwa kuliko wenzake, huenda inadondosha. Nitaifungua Juni.

Fundi ameuazima ubao wangu wa chai tangu jana. Kuna basi dogo limeletwa, taa ya njano inawaka na kuzima, na mwenyewe anaapa halina moshi hata chembe.